Maneno ya Msimulizi kwa Video Fupi ya Fleti Ndogo ya Kupangisha: Mwongozo wa Kuandika, Kupima na Kurekodi

Video ya kumtembeza mpangaji ndani ya fleti, ikiwa haina mtangazaji anayeonekana, haina mahojiano na haina maandishi juu ya picha, husimama juu ya vitu viwili tu: picha inayosogea na sauti ya mtu asiyeonekana. Kwa hiyo anayeandika maneno ya msimulizi hana budi kuamua mapema sauti hiyo imekuja kufanya kazi gani. Video nyingi za aina hii huharibika kwa sababu sauti hurudia kile ambacho jicho limekwisha kukiona. Mtazamaji anaona makochi na dirisha, kisha anaambiwa kwamba hii ni sebule nzuri yenye dirisha. Amepoteza sekunde tano, na bado hajui kama kabati lake litaingia.

Kazi ya sauti ni kusema yale ambayo kamera haiwezi kuyaonyesha, nayo si machache. Kamera haionyeshi vipimo vya kweli, hasa ikitumiwa lenzi pana ya simu, ile inayosomeka 0.5x kwenye skrini, ambayo hukifanya chumba cha mita tatu kionekane kama ukumbi. Haionyeshi jua linaingia saa ngapi, maji yana nguvu kiasi gani, kelele hutoka upande gani, wala ni vitu gani vitabaki baada ya mpangaji wa sasa kuhama. Katika fleti ndogo mambo haya ndiyo yanayoamua, kwa sababu upungufu wa sentimita kumi ambao katika nyumba kubwa haumsumbui mtu, hapa huzuia friji kuingia.

Mwongozo huu unafuata video moja ya dakika 2, ya fleti yenye chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko, bafu lenye choo ndani yake, na roshani.

Kwanza, pita na futi kamba kabla ya kushika kalamu

Ingia katika fleti ukiwa na futi kamba, simu, ndoo ya lita 10 na daftari. Tembea kwa njia ileile ambayo kamera itapita, kuanzia mlango wa kuingilia, na usiruke chumba ili ukirudie baadaye. Mpangilio wa maneno utafuata mwendo huo, na mtazamaji anayejaribu kuichora ramani ya nyumba kichwani hupotea mara tu picha inaporuka kutoka sebuleni hadi roshani kisha ikarudi jikoni.

Pima urefu na upana wa kila chumba kutoka ukuta hadi ukuta, si kutoka samani hadi samani. Pima upana wa mlango mwembamba kuliko yote, kwa kuwa ndio unaoamua kochi gani litapita. Pima nafasi ya friji na kina cha kabati la ukutani. Hesabu soketi na uandike ziko ukuta gani. Fungua dira ya simu mbele ya kila dirisha, kwani dirisha linaloelekea mashariki litapata jua la asubuhi, na mpangaji anayefanya kazi nyumbani mchana atataka kulijua hilo kabla ya kuja.

Nguvu ya maji isiandikwe kwa maneno kama "mazuri" au "ya kutosha". Weka ndoo chini ya bomba, lifungue mpaka mwisho, kisha uhesabu sekunde mpaka ijae. Ndoo ya lita 10 ikijaa kwa sekunde 75, bomba linatoa lita 8 kwa dakika. Kipimo hiki kifanyike saa ambayo majirani wengi wanatumia maji, kwa mfano saa moja asubuhi, kwa sababu bomba linalomwaga vizuri saa nne, wakati jengo zima limekwenda kazini, halikuambii lolote kuhusu asubuhi yako.

Jambo la mwisho katika matembezi haya ni kuuliza. Mwenye nyumba au msimamizi wa jengo aulizwe nini kinabaki, nini kinaondoka, kodi inajumuisha nini, na mita ya umeme ni ya nani. Kama akisema kwamba ukuta utapakwa rangi au bomba litabadilishwa, usiliandike katika maneno ya msimulizi mpaka kazi iwe imefanyika. Sauti iliyorekodiwa husikika kama ahadi, na mpangaji atakayehamia akaukuta ukuta uleule atakuwa na haki ya kulalamika.

Pili, hesabu muda kabla ya kuhesabu maneno

Msomaji mtulivu wa Kiswahili husoma takriban maneno mawili kwa sekunde. Maneno yetu ni marefu, kwa kuwa neno moja kama "halijaunganishwa" limebeba kanusho, wakati na kitendo pamoja, na kwa sababu hiyo makadirio ya maneno kwa dakika yanayotolewa kwa lugha nyingine hayatufai. Video ya sekunde 120 ingeweza basi kubeba maneno 240, lakini ikibeba yote hayo haitaacha nafasi ya kupumua, na picha zitakuwa zinaikimbiza sauti. Lenga maneno 190 hadi 210. Sekunde zinazobaki ni za ukimya, na ukimya huo una kazi yake, kama tutakavyoona jikoni na chumbani.

Piga video ya majaribio kwa simu, bila kujali ubora, ukitembea kwa mwendo utakaoutumia siku ya kupiga video yenyewe. Andika kila chumba kimechukua sekunde ngapi, kisha ugawe maneno kwa uwiano huo. Jiko jembamba ambalo kamera hukaa ndani yake sekunde 18 halihitaji sentensi sita. Kama una mengi ya kusema kuliko picha inavyoruhusu, ni heri kuirefusha picha kwa kuisimamisha kamera mahali pamoja kuliko kuisukuma sauti.

Tatu, andika kwa ajili ya sikio

Msomaji wa tangazo la maandishi anaweza kurudia sentensi, lakini msikilizaji hawezi bila kuirudisha video nyuma, na wengi hawairudishi. Kila sentensi basi ibebe jambo moja, ianze na kitu kinachotajwa, kisha habari zake. "Nafasi ya friji ina upana wa sentimita sitini na mbili" ni rahisi kusikia. "Upana wa sentimita sitini na mbili ndio uliopo katika nafasi ambayo imetengwa kwa ajili ya friji" humfanya msikilizaji ashikilie namba hewani bila kujua ni ya nini, na anapofika mwisho amekwisha kuisahau.

Namba ziandikwe kwa maneno, kama zitakavyotamkwa. Ukimwandikia msomaji "4.2 x 3.4 m", atasita mbele ya maikrofoni, na pengine atasema "nne nukta mbili", jambo ambalo sikio hulipokea kwa shida. Kwa vipimo vya chumba, punguza hadi robo ya mita iliyo chini. Mita 3.4 isemwe kuwa mita tatu na robo, kamwe isiwe tatu na nusu, kwa kuwa mpangaji aliyeambiwa pungufu hufurahi akifika, na aliyeambiwa zaidi hukuta meza yake haiingii. Nafasi za vifaa, kama friji, zitajwe kwa sentimita kamili, kwani hapo hakuna kupunguza wala kuongeza.

Uwe mwangalifu sana na kulia na kushoto. Kamera ikigeuka ndani ya bafu, kilichokuwa kulia kimekwenda kushoto, na msikilizaji hajui unahesabu kulia kwa nani. Badala yake taja kitu kisichohama, kama vile ukuta wa dirisha, ukuta wa mlangoni au upande wa roshani.

Sifa tupu ziondolewe zote: ya kisasa, ya kuvutia, tulivu, yenye nafasi. Kila moja ina kipimo kilichojificha nyuma yake, na kipimo hicho ndicho kinachotakiwa. Vilevile usimweleze mpangaji unayemtaka, kwa maneno kama "inafaa wanandoa" au "kwa mtu asiye na watoto". Nchi nyingi zina sheria zinazokataza kubagua wapangaji katika matangazo, na hata pasipo sheria, maneno hayo hayasemi lolote kuhusu nyumba. Ieleze nyumba, na kila mtu atajua mwenyewe kama inamfaa.

Kasoro zisemwe, na zisemwe mahali pake, yaani katika chumba zilimo, kwa sauti ileile iliyotaja kipimo. Zikikusanywa mwishoni husikika kama kuomba radhi. Wenye nyumba wengine hulipinga jambo hili, na ninawaelewa, lakini mpangaji ambaye angekataa fleti kwa sababu haina lifti ataikataa tu baada ya kupanda ngazi, na wewe utakuwa umepoteza saa nzima ukimsubiri.

Maneno yenyewe

Fleti yetu ina sebule ya mita 4.2 kwa 3.4, chumba cha kulala cha mita 3.1 kwa 3.3, jiko la mita 1.8 kwa 2.4, na bafu la mita 1.5 kwa 2.1. Ukijumlisha na ujia mdogo wa mlangoni, unapata mita za mraba 34 bila roshani. Maelezo yaliyo katika mabano ni ya mhariri wa video, na hayasomwi.

[Mlangoni, sekunde 0 hadi 15]
Fleti hii ya chumba kimoja cha kulala iko ghorofa ya tatu. Jengo halina lifti. Ngazi ni hamsini na nne. Ndani kuna mita za mraba thelathini na nne, bila kuhesabu roshani.

[Sebule, 15 hadi 37]
Sebule ina mita nne kwa tatu na robo. Dirisha linaelekea mashariki: jua huingia asubuhi, na baada ya saa sita mchana chumba huwa kivulini. Soketi ni mbili, zote kwenye ukuta wa dirisha.

[Jiko, 37 hadi 55. Bomba linafunguliwa, sekunde 3 za sauti ya maji bila maneno]
Jikoni hapana nafasi ya watu wawili kupishana. Jiko la gesi na makabati ya juu yanabaki. Friji itaondoka na mpangaji wa sasa. Nafasi yake ina upana wa sentimita sitini na mbili.

[Bafu, 55 hadi 74]
Bafu na choo viko pamoja, bila dirisha. Feni ya kutoa hewa huwaka pamoja na taa. Saa moja asubuhi, bomba hili lilijaza ndoo ya lita kumi kwa sekunde sabini na tano.

[Chumba cha kulala, 74 hadi 101. Mwishoni, sekunde 3 dirisha likiwa wazi, sekunde 3 likiwa limefungwa]
Chumba cha kulala kina mita tatu kwa tatu na robo. Kitanda cha upana wa mita moja na nusu kikikaa katikati, kila upande hubaki sentimita sabini na tano. Kabati la ukutani linabaki. Dirisha linatazama barabara. Sikiliza likiwa wazi, kisha likiwa limefungwa.

[Roshani, 101 hadi 109]
Roshani ina kamba ya kuanikia nguo. Mashine ya kufulia haina mahali pa kuunganishwa.

[Picha ya mwisho, mlango kwa ndani, 109 hadi 120]
Kodi inajumuisha maji na usafi wa ngazi. Umeme una mita yake. Kiasi cha kodi na siku za kuja kuona viko kwenye tangazo.

Angalia chumba cha kulala kwa karibu. Rasimu ya kwanza ya sentensi kama ile ya kitanda kwa kawaida huwa "chumba kinatosha kitanda kikubwa", na hapo mtu mmoja hufikiria kitanda cha mita moja na nusu na mwingine cha mita mbili. Tulipotaja upana wa kitanda na kinachobaki kila upande, tulimpa msikilizaji kipimo anachoweza kukilinganisha na kitanda chake mwenyewe. Hesabu ilifanywa kwa mita 3, si 3.1, ili maneno mawili yaliyofuatana yasipingane, kwa sababu anayesikiliza kwa makini atatoa moja na nusu katika tatu, na jibu lake lazima lilingane na lako.

Kelele za barabara nazo zingeweza kuelezwa kwa sentensi mbili, lakini hakuna sentensi inayoweza kushindana na sekunde tatu za dirisha lililo wazi zikifuatiwa na sekunde tatu za dirisha lililofungwa. Kwa hiyo maneno yanamwambia mtazamaji asikilize, kisha yananyamaza. Sharti ni kwamba sauti ya dirisha irekodiwe palepale, saa ya msongamano wa kawaida, na mhariri asiipunguze wala kuizika chini ya muziki. Muziki ukiwekwa katika video hii uishie mlangoni, la sivyo majaribio ya bomba na ya dirisha hayatakuwa na maana.

Namba ya mlango haikutajwa, wala haikusemwa kwamba fleti ni tupu au itakuwa tupu lini. Hayo aambiwe mtu aliyekwisha kuwasiliana nawe. Mhariri pia aangalie fremu za mwanzo na za mwisho zisionyeshe funguo, bahasha zenye jina, au picha za familia ya mpangaji aliyepo, ambaye ridhaa yake inatakiwa kabla ya kupiga video.

Nne, jaribu maneno kabla ya kuyarekodi

Mtafute mtu ambaye hajawahi kufika katika fleti. Msomee maneno yote bila picha, mara moja tu, kwa mwendo wa kawaida, kisha umwombe achore ramani ya fleti na kuandika anachokikumbuka. Ramani yake haitakuwa kamili, na haihitaji kuwa hivyo, lakini itakuonyesha mahali ambapo maneno yamepwaya. Akiweka bafu na choo katika vyumba viwili, neno "pamoja" halikusikika. Akikumbuka mita za sebule na kusahau kwamba hakuna lifti, basi sentensi ya lifti imebanwa mno kati ya namba, na inahitaji kituo kabla yake.

Kisha fanya kinyume chake: mwonyeshe picha bila sauti, ukiwa umeshika karatasi ya maneno. Kila jambo atakalolitaja mwenyewe kutokana na picha, lifute kwenye karatasi kama limo. Hapo ndipo sentensi kama "ukuta umepakwa rangi nyeupe" huanguka zote.

Tano, rekodi mbali na fleti

Chumba kitupu hurudisha mwangwi, na sauti iliyorekodiwa humo husikika kana kwamba msomaji yuko ndani ya pipa. Soma katika chumba chenye pazia, godoro na nguo, simu au maikrofoni ikiwa umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, imeelekezwa pembeni kidogo ili pumzi ya herufi p na b isiipige moja kwa moja. Zima feni na friji iliyo karibu. Kabla ya kuanza, acha sekunde kumi za ukimya wa chumba zirekodiwe, kwani mhariri atazihitaji kujaza mapengo kati ya sentensi, ili ukimya usikatike ghafla kama sauti iliyozimwa.

Kila chumba kirekodiwe kama faili lake, lenye jina linaloeleweka, kwa mfano:

```
01_mlangoni.wav
02_sebule.wav
03_jiko.wav
```

Katika kuhariri, acha picha ya chumba kipya ionekane kwa takriban sekunde moja kabla ya sauti kuanza, na sauti iishe kabla ya picha kubadilika. Sentensi ya jikoni ikimalizikia juu ya picha ya bafu, mtazamaji atadhani friji inawekwa bafuni, na huo si utani, kwa kuwa katika fleti ndogo mambo ya ajabu kuliko hayo yameonekana.

Faida ya kutenganisha mafaili huonekana baadaye. Mwenye nyumba akinunua friji yake mwenyewe na kuiacha jikoni, unarekodi upya faili la tatu tu, kwa msomaji yuleyule, katika chumba kilekile na kwa umbali uleule wa maikrofoni. Ndiyo maana pia kiasi cha kodi na tarehe havikuingizwa katika sauti: hubadilika kuliko kitu kingine chochote, na tangazo la maandishi hurekebishwa kwa dakika moja. Mpangaji mpya akishahamia, hifadhi karatasi ya vipimo pamoja na mafaili ya sauti, kisha uondoe video hewani siku hiyohiyo, kwa sababu kuanzia hapo inaonyesha ndani ya makazi ya mtu mwingine.